Kufundisha Hesabu za Virutubisho kwa Lahajedwali: Mfano wa Sufuria ya Makande

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kutengeneza lahajedwali la kompyuta linalojumlisha protini, mafuta na wanga uliomo katika chakula kilichopikwa, akianzia na mambo mawili tu: uzito wa kila kiungo, na kiasi cha virutubisho kilichomo katika gramu 100 za kiungo hicho. Somo hili lafaa kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, mara wanafunzi wamalizapo desimali na uwiano. Lakini kabla ya kulifundisha, yampasa mwalimu mwenyewe kulijua vyema, kwa maana kompyuta haikatai hesabu mbaya. Huikubali, huijumlisha na kuiandika kwa herufi safi kama ilivyo nzuri.

Jambo lililotusukuma kuandika lilitokea tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja. Kamati ya shule ile ilikuwa ikifikiria kupunguza nusu ya maharage katika makande ya mchana, na badala yake kuongeza mahindi ya uzito ule ule, kwa kuwa maharage yalikuwa yamepanda bei. Mwanachuo wetu aliombwa akokotoe kama watoto wangepungukiwa. Alitengeneza lahajedwali nadhifu, akabadili tarakimu mbili, na jawabu likatoka kwamba protini haitapungua, bali itaongezeka kidogo. Sisi wasimamizi tulilitazama jedwali lile, tukaona kanuni zake ni sahihi, tukaridhika.

Aliyekataa ni mama mpishi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi hesabu zenu sizijui. Lakini tangu lini mahindi yakayashinda maharage kwa kumjenga mtoto?" Tukarudi kwenye jedwali. Kosa lilikuwamo katika seli chache za mstari mmoja, nasi tutalieleza mahali pake. Kwanza na tulijenge jedwali lenyewe.

Maana ya "katika gramu 100"

Majedwali ya vyakula, kama lile la Tanzania lililotolewa mwaka 2008, hueleza kiasi cha virutubisho katika gramu 100 za chakula kinacholika. Iwapo jedwali lasema kitunguu kina protini gramu 1.1, maana yake ni kwamba ukichukua gramu 100 za kitunguu kilichokwisha kumenywa, gramu 1.1 kati yake ni protini. Hivyo ni lazima viungo vipimwe baada ya kumenywa na kuchambuliwa. Mawe na vumbi vya maharage havina protini, wala maganda ya kitunguu hayaingii katika sufuria.

Tusimfikishe mwanafunzi kwenye kompyuta kabla hajaifanya hesabu hii ubaoni. Tumwulize: ikiwa gramu 100 za kitunguu zina protini gramu 1.1, gramu 1 ina kiasi gani? Atagawanya kwa 100. Je, gramu 200 zina kiasi gani? Atazidisha kwa 200. Kwa hiyo kanuni nzima ni hii: uzito, mara thamani ya gramu 100, gawanya kwa 100. Kwa kitunguu, 200 × 1.1 ÷ 100 = 2.2. Mwanafunzi aliyefanya mifano mitatu au minne kwa mkono atakuwa na kipimo cha kuihakiki kompyuta. Asiyefanya hana budi kuiamini tu.

Kulipanga jedwali

Lahajedwali ni uwanja wa vijumba viitwavyo seli. Safu zinasimama wima na zina majina ya herufi A, B, C. Mistari inalala na ina namba 1, 2, 3. Kila seli yajulikana kwa safu yake na mstari wake, kama vile B2. Mpango huu ni ule ule katika Excel na katika LibreOffice Calc, na kanuni zote za makala haya hufanya kazi katika programu zote mbili.

Mfano wetu ni sufuria ya makande ya wanafunzi 20. Mstari wa 1 tunauachia vichwa vya safu. Viungo vinaanza mstari wa 2. Thamani za safu C, D na E ni za gramu 100 za chakula kikiwa kibichi au kikavu, nazo tumezikadiria kwa desimali moja kutoka majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani. Mwalimu mwenye jedwali la nchi yake na alitumie.

| Mstari | A: Kiungo | B: Uzito (g) | C: Protini | D: Mafuta | E: Wanga |
|---|---|---|---|---|---|
| 2 | Mahindi makavu | 2000 | 9.4 | 4.7 | 74.3 |
| 3 | Maharage makavu | 1000 | 23.6 | 0.8 | 60.0 |
| 4 | Mafuta ya kula | 100 | 0 | 100 | 0 |
| 5 | Vitunguu | 200 | 1.1 | 0.1 | 9.3 |
| 6 | Nyanya | 500 | 0.9 | 0.2 | 3.9 |
| 7 | Chumvi | 30 | 0 | 0 | 0 |
| 8 | Maji | 6000 | 0 | 0 | 0 |

Mwalimu atambue mambo mawili. La kwanza, katika safu B tumeandika namba tupu, yaani 500 na si "500 g". Kipimo kimekwisha tajwa katika kichwa cha safu. Seli yenye herufi ndani yake huwa maneno, na maneno hayazidishwi. Mwanafunzi atakapoona #VALUE! katika jawabu lake, kwa kawaida hilo ndilo kosa. La pili, chumvi na maji tumeviandikia sifuri badala ya kuziacha seli wazi. Kompyuta huihesabu seli iliyo wazi kuwa ni sifuri bila kulalamika. Sifuri iliyoandikwa yasema, "tumetazama, hakuna kitu." Seli wazi yaweza kuwa ni thamani iliyosahauliwa. Tukijizoeza kuandika sifuri, kila seli iliyo wazi itakuwa ni kazi isiyokwisha.

Kanuni ya kwanza na alama ya dola

Sasa katika safu F, G na H tunataka gramu za protini, mafuta na wanga zilizomo katika sufuria. Katika seli F2 tunaandika:

```
=$B2*C2/100
```

Alama ya "sawa na" mwanzoni ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba hii ni hesabu. Jawabu la F2 ni 188, yaani gramu 188 za protini kutoka katika kilo mbili za mahindi. Tunainakili kanuni hii kwenda kulia mpaka H2, kisha seli zote tatu kwenda chini mpaka mstari wa 8. Seli ishirini na moja zimejazwa kwa kanuni moja.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, nasi tumeona inafaa kupaeleza bila haraka. Kanuni inaponakiliwa, majina ya seli yaliyomo ndani yake husogea pamoja nayo. Ukiihamisha hatua moja kulia, C2 huwa D2. Ndivyo tunavyotaka kwa thamani za virutubisho, kwa kuwa seli G2 inahitaji mafuta yaliyomo katika D2. Lakini uzito hautakiwi kusogea, kwani uzito wa mahindi ni mmoja kwa virutubisho vyote vitatu. Alama ya dola mbele ya B huifunga safu B isisogee. Namba 2 haikufungwa, kwa sababu tushukapo mstari wa 3 tunataka uzito wa maharage.

Njia tuliyoiona inaeleweka upesi ni hii. Mwalimu achore seli ubaoni, amwite mwanafunzi mmoja asimame mbele ya F2, mkono wa kushoto ukiwa juu ya B2 na wa kulia juu ya C2. Kisha amwambie asogee hatua moja kulia pamoja na mikono yake. Mkono wa kulia umefika D2, vizuri; lakini mkono wa kushoto umefika C2, na sasa anazidisha protini kwa mafuta! Darasa litacheka, na litakumbuka. Kisha arudi, mkono wa kushoto "ufungwe" kwenye safu B, asogee tena.

Ishara ya kosa hili ni dhahiri kwa anayejua kutazama. Pasipo dola, seli G2 itaonyesha 0.44 badala ya 94, maana 9.4 × 4.7 ÷ 100 ni 0.44. Kilo mbili za mahindi kuwa na mafuta pungufu ya nusu gramu ni jambo lisilowezekana, ikiwa gramu 100 tu zina 4.7. Ndiyo sababu tulisisitiza hesabu ya mkono kwanza.

Jumla na hakiki yake

Katika mstari wa 9 tunajumlisha. Seli F9 yaandikwa:

```
=SUM(F2:F8)
```

nayo hunakiliwa mpaka H9. Majawabu ni protini gramu 430.7, mafuta gramu 203.2 na wanga gramu 2124.1 kwa sufuria nzima.

Chini yake, katika F10, tunaandika kanuni nyingine inayofikia jawabu lile lile kwa njia tofauti:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$8,C$2:C$8)/100
```

Kanuni hii huzidisha kila uzito kwa thamani ya mstari wake, hujumlisha vyote, kisha hugawanya kwa 100. Haipiti katika safu F, G na H hata kidogo. Hivyo, ikiwa mahali fulani dola ilisahauliwa, au mtu aliandika namba juu ya kanuni kwa bahati mbaya, mstari wa 9 na wa 10 hautalingana. Wanafunzi waulizwe kila mara: je, mistari miwili yasema jambo moja?

Ipo hitilafu moja ambayo mistari hii miwili haitaigundua, kwa sababu yote miwili itakosea pamoja. Kiungo kikiongezwa nje ya mipaka ya mstari wa 2 na wa 8, kama vile karanga zilizoandikwa chini kabisa ya jedwali, hakitajumlishwa. Kiungo kipya yafaa kiingizwe katikati, kwa kuongeza mstari mpya juu ya ule wa chumvi. Hapo kompyuta yenyewe hupanua mipaka, na F2:F8 huwa F2:F9. Kinachobaki ni kunakili kanuni ya safu F, G na H katika mstari huo mpya.

Mstari wa maharage

Tumerejea sasa kwenye swali la mama mpishi. Mwanachuo wetu alikuwa na kanuni sahihi na jumla sahihi. Alikosea wapi?

Katika majedwali ya vyakula, maharage huandikwa zaidi ya mara moja. Upo mstari wa maharage makavu, wenye protini gramu 23.6 katika gramu 100. Upo pia mstari wa maharage yaliyochemshwa, wenye protini gramu 8.7, mafuta 0.5 na wanga 22.8. Haya si maharage ya aina mbili. Ni maharage yale yale yaliyokunywa maji. Gramu 100 za yaliyochemshwa zina maharage machache na maji mengi. Mwanachuo alipima kilo moja ya maharage makavu katika mizani, lakini akachukua thamani za yaliyochemshwa, kwa kuwa makande ni chakula kilichochemshwa. Fikira yake ilikuwa na mantiki, lakini haikuwa sahihi: thamani lazima ifuate hali ya chakula wakati kilipopimwa, na si wakati kilipoliwa.

Tazama matokeo yake. Kwa thamani ya 8.7, maharage yalionekana kuwa na protini chache kuliko mahindi makavu yenye 9.4. Kwa hiyo kila gramu ya maharage iliyobadilishwa kwa gramu ya mahindi ilionekana kuwa ni faida. Sufuria ya kwanza ilitoa protini gramu 281.7, ile yenye mahindi gramu 2500 na maharage gramu 500 ilitoa gramu 285.2. Lahajedwali lilikuwa likimshauri mwalimu awapunguzie watoto maharage kwa ajili ya protini!

Tuliposahihisha seli C3, D3 na E3, jawabu liligeuka. Sufuria ya kwanza ina protini gramu 430.7, yaani gramu 21.5 kwa kila mtoto kati ya 20. Sufuria ya pili ina gramu 359.7, yaani gramu 18.0 kwa kila mtoto. Kila mtoto angepoteza gramu tatu na nusu kila siku ya makande. Na asingejua, wala mwalimu asingejua kwa kutazama sahani, maana nishati ya sufuria ya pili si pungufu, imezidi kidogo. Tumbo lingejaa kama kawaida. Tena hasara hiyo ni kubwa kuliko gramu zinavyoonyesha, kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na maharage ndiyo yanayoujaza upungufu huo. Jedwali letu halipimi ubora wa protini. Linapima wingi wake tu.

Je, kosa la namna hii laweza kutambuliwa na mtu asiye na mama mpishi karibu yake? Laweza, kwa safu moja zaidi. Katika I2 tunaandika:

```
=SUM(C2:E2)
```

na kuinakili chini mpaka I8. Safu hii yaonyesha ni gramu ngapi kati ya 100 zilizo protini, mafuta na wanga kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kwa mahindi makavu tunapata 88.4, na kwa maharage makavu 84.4, kama itarajiwavyo kwa nafaka na kunde zilizokauka. Kwa maharage yaliyochemshwa tunapata 32.0. Mwanafunzi anayeona 32 mbele ya kitu kinachogonga mezani kama changarawe atauliza swali mara moja. Vivyo hivyo, jumla inayozidi 100 haiwezekani kabisa, nayo ni dalili kwamba nukta ya desimali imeandikwa mahali pasipo pake.

Kutoka sufuria mpaka sahani

Jumla ya sufuria haimtoshi mwalimu. Atataka kujua kilichomo katika sahani. Ikiwa chakula chote kitagawanywa sawasawa, agawanye kwa idadi ya watoto. Lakini mara nyingi sahani hazilingani, ama chakula hubaki. Hapo lazima tupime chakula kilichoiva.

Njia yake ni nyepesi. Kabla ya kupika, sufuria tupu ipimwe. Katika mfano wetu ni gramu 3400. Baada ya kuiva, sufuria na chakula chake ipimwe tena. Tuseme ni gramu 11400. Tunaandika 11400 katika B11 na 3400 katika B12, na katika B13 tunaandika:

```
=B11-B12
```

Makande yaliyoiva ni gramu 8000. Viungo vyote pamoja na maji vilikuwa gramu 9830; zile gramu 1830 zimepanda na mvuke. Maji yamepungua, lakini protini, mafuta na wanga havipandi na mvuke, navyo vimebaki katika sufuria. Ndiyo maana gramu za virutubisho huchukuliwa kutoka uzito wa viungo vibichi, na mgawanyo wake hufanywa kwa uzito wa chakula kilichoiva.

Tukiweka uzito wa sahani moja, gramu 400, katika B14, basi F14 itakuwa:

```
=F9/$B13*$B14
```

Tunainakili mpaka H14. Sahani ina protini gramu 21.5, mafuta gramu 10.2 na wanga gramu 106.2.

Kosa la kawaida hapa ni kugawanya kwa uzito wa viungo badala ya uzito wa chakula kilichoiva. Mwanafunzi aliyesahau maji na kugawanya kwa gramu 3830 atapata sahani yenye protini karibu gramu 45. Na afanye hesabu ya gramu 100: atapata gramu 11.2, kiasi kinachozidi hata mahindi makavu yenyewe. Makande yenye maji hayawezi kuwa na protini nyingi hivyo, ilhali theluthi mbili ya nafaka na kunde zake ni mahindi.

Nishati hukokotolewa mwisho kabisa. Tangu kazi za Mmarekani Wilbur Atwater, mkemia aliyefariki mwaka 1907, imezoeleka kuhesabu kilokalori 4 kwa gramu ya protini, 9 kwa gramu ya mafuta, na 4 kwa gramu ya wanga. Katika J9 tunaandika:

```
=4*F9+9*G9+4*H9
```

na kuinakili katika J14. Sufuria ina kilokalori 12048, na sahani ina 602. Mwalimu akijumlisha nishati iliyoandikwa katika jedwali la vyakula kwa kila kiungo, atapata kama 11680, pungufu kwa asilimia tatu hivi. Asishtuke. Wanga ulioandikwa katika majedwali ya namna hii hujumuisha nyuzi ambazo mwili hauzimeng'enyi zote, na maharage yana nyuzi nyingi. Tofauti ya asilimia chache ni ya kawaida. Lakini tofauti ya robo au nusu ni dalili ya namba iliyokosewa.

Mipaka ya jedwali hili

Yatupasa tuwaambie wanafunzi jedwali letu linafikia wapi. Linafaa kwa chakula ambacho mchuzi wake haumwagwi. Kama maji ya kuchemshia yanamwagwa, sehemu ya virutubisho huondoka nayo, na jedwali halina habari. Tena lisitumiwe kwa vitamini kwa namna hii hii, kwa kuwa baadhi yake, kama vile vitamini C, huharibiwa na moto. Protini, mafuta na wanga twaweza kuvihesabu kabla ya kupika na kuamini kwamba vimo. Vitamini C ya nyanya haituahidi hivyo.

Mafuta ya kula nayo yana tahadhari yake. Hupimwa kwa chupa, lakini jedwali lataka gramu. Lita moja ya mafuta ya mimea ina uzito wa kama gramu 920, si 1000. Pasipo mizani, mililita zizidishwe kwa 0.92 kabla ya kuandikwa katika safu B.

Mwisho, kompyuta ikionyesha 21.535, tusiandike hivyo. Mahindi ya shamba moja hayafanani kabisa na ya shamba jingine, na mizani ya jikoni haisomi nusu gramu. "Kama gramu 21 au 22" ndilo jawabu la kweli.

Mpango wa vipindi

Kwa shule yenye kompyuta moja, tunapendekeza vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, wanafunzi wapime viungo na kukokotoa mistari miwili kwa mkono. Katika kipindi cha pili, jedwali lichorwe ubaoni pamoja na zoezi la mikono na alama ya dola. Kisha wanafunzi wachache waliandike katika kompyuta, wengine wakitabiri jawabu kabla ya kila seli kujazwa. Katika kipindi cha tatu, mwalimu aingize makosa mawili kwa siri: aondoe dola katika kanuni ya F2 na kuinakili tena mpaka H2, na aweke thamani za maharage yaliyochemshwa katika mstari wa 3. Darasa liyatafute. Kosa la kwanza litaonekana katika mstari wa 9 na wa 10. Kosa la pili halitaonekana huko kamwe. Litaonekana katika safu I peke yake, na katika akili ya mtu anayejua chakula.

Maswali ya mwanachuo

1. Ongeza gramu 300 za karanga katika mfano wetu, ukitumia protini 25.8, mafuta 49.2 na wanga 16.1. Protini ya sufuria imefikia ngapi? (Jawabu: gramu 508.1.)

2. Mwanafunzi ameandika katika F2 kanuni =B$2*C2/100 na kuinakili kwenda chini. Eleza ni uzito gani unaotumika katika F3, na ni dalili gani itakayoonekana katika F9.

3. Kamati ya shule ile, baada ya kuona jedwali lililosahihishwa, iliacha maharage kilo moja kama yalivyokuwa. Kama wewe ungetakiwa kupunguza gharama bila kupunguza protini, ungebadili seli zipi, na ungemwuliza nani kabla ya kupeleka jawabu?